Jinsi ya kuandika barua ya pole na maelezo kwa familia, kutoka kwenye faili la marehemu

Maswali kuhusu barua hii huletwa na manesi na maafisa tabibu wanaoanza kazi, hasa wanaohudumia makambi ya wakimbizi magharibi mwa Uganda, ambako wazazi wengi wametoka Kongo na barua ya Kiswahili ndiyo wanayoweza kuisoma wenyewe. Mtoto amefia wodini usiku, amezikwa kesho yake, na baada ya siku chache baba anarudi kituoni kuuliza mtoto wake alikufa kwa nini. Anajibiwa kwa maneno mawili mlangoni, anaondoka hajaelewa. Inchaji anasema, "Waandikie barua." Basi unaketi na faili mbele yako, na karatasi ni nyeupe.

Nitafuata kisa kimoja mwanzo hadi mwisho: mtoto wa miaka mitatu aliyefariki kwa malaria kali iliyommaliza damu, katika kituo cha afya cha daraja la nne. Jina lake, Amani, na saa zote nimevitunga ili nisiguse familia ya mtu, lakini mambo yenyewe ndiyo yanayotokea wodini.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Faili lote la mgonjwa, pamoja na karatasi ya dawa na karatasi ya vipimo vya joto na pumzi. Daftari la maabara. Daftari la damu na fomu ya kuongezewa damu, kama aliongezewa. Nakala ya hati ya kitabibu ya chanzo cha kifo iliyojazwa kituoni, kwa sababu barua yako haiwezi kutaja chanzo kimoja na hati ikataja kingine. Familia itaipeleka NIRA kuandikisha kifo na italinganisha karatasi hizo mbili. Namba ya simu ya sista aliyekuwa zamu. Ruhusa ya inchaji. Na uhakika wa nani anaandikiwa: kwa mtoto ni mzazi au mlezi aliyemleta. Mjomba mwenye sauti kubwa aliyekuja kulalamika si yeye.

Hatua ya 1: Panga saa

Usiandike sentensi hata moja ya barua kabla ya kupanga saa. Chukua karatasi nyingine, pitia faili, daftari la maabara na daftari la damu, na kila tukio uliandike kwa mpangilio wa muda. Faili peke yake halitoshi, kwa sababu daktari huandika mambo matatu kwa pamoja baada ya kuyafanya, na saa halisi ya kipimo iko maabara. Ya Amani ilitoka hivi:

16:40 Afika. Homa siku ya tatu, hanywi tangu asubuhi. Kilo 12.
16:55 Kipimo cha haraka cha malaria: anayo. Hb 3.4. Sukari 2.1.
17:05 Dextrose 10% ml 60. Artesunate mg 36 kwenye mshipa.
17:15 Kundi la damu: O. Friji haina damu ya O. Hospitali yenye damu yapigiwa simu.
18:50 Gari la wagonjwa laondoka kufuata damu (lilikuwa limepeleka mama mjamzito).
19:00 Sukari 5.4. Afumbua macho, aomba maji.
21:30 Apumua mara 66 kwa dakika, pumzi nzito za ndani. Oksijeni yaanza.
22:20 Damu yafika. Yalinganishwa na ya mtoto.
22:50 Damu yatundikwa, ml 240. Joto 38.5.
23:05 Joto 38.4. Hana upele, hatetemeki.
23:35 Pumzi zasimama. Asaidiwa kupumua kwa mfuko na barakoa.
00:05 Afariki.

Hapo unaona mambo ambayo faili lililotawanyika halikuonyeshi. Dozi unaweza kuzihakiki mwenyewe: artesunate ni mg 3 kwa kilo kwa mtoto aliye chini ya kilo 20, kwa hiyo kilo 12 ni mg 36. Damu ni ml 20 kwa kilo, nayo ni 240. Dozi ziko sawa, na utaweza kusema hivyo bila kusita. Lakini kuna pengo kati ya 17:15 na 22:50, na pengo hilo ndilo barua yote itakalokalia.

Angalizo kuhusu saa: faili linatumia saa 24, familia inahesabu saa kwa Kiswahili. 22:50 ni saa nne na dakika hamsini usiku. Ukinakili "saa 22" au, vibaya zaidi, "saa kumi", mama atasoma muda ambao anajua haukuwa huo na hataamini yanayofuata. Tarehe nayo ina mtego wake. Amani alifariki dakika tano baada ya saa sita usiku, kwa hiyo hati inaandika Jumatano, na wazazi watasema alikufa Jumanne. Andika "usiku wa kuamkia Jumatano" na wote wataridhika.

Hatua ya 2: Jua swali lao

Mpigie baba, au umwulize sista aliyewapokea waliporudi: wanauliza nini hasa? Usikisie. Kwa Amani, wewe unaweza kudhani swali lao ni gari kuchelewa. Wao walichoona ni tofauti kabisa. Saa moja jioni mtoto alifumbua macho akaomba maji. Saa nne na dakika hamsini wakaona damu ya mtu mwingine inatundikwa. Saa sita mtoto hayupo. Swali lao ni: "Damu mliyomtia ilikuwa ya nani, na kwa nini ilimuua?"

Barua inayoeleza malaria kurasa mbili bila kugusa swali hilo itasomwa kama barua ya kuficha. Swali lao liandike juu ya karatasi yako kwa maneno yao na ulitazame kila unapomaliza aya.

Hatua ya 3: Tenganisha kilichoandikwa, kinachokumbukwa na unachodhani

Weka alama tatu kwenye ile orodha ya saa. Kilichoandikwa wakati ule, barua itakisema moja kwa moja. Kile sista anachokumbuka lakini hakukiandika, utakisema hivyo: "Muuguzi aliyekuwa naye anakumbuka kwamba..." Unachodhani, aidha ukiite dhana au ukiache.

Mfano: Je, damu ilimdhuru Amani? Kilichoandikwa ni kwamba ilikuwa kundi O kama yake, ililinganishwa kabla ya kutundikwa, na dakika kumi na tano baadaye joto halikupanda, upele hapakuwa, kutetemeka hapakuwa. Tena pumzi nzito zilianza saa tatu na nusu, zaidi ya saa moja kabla ya damu kuingia. Hayo yana uzito. Lakini uchunguzi wa maiti haukufanyika, kwa hiyo huwezi kuandika "damu haikuhusika kabisa". Unaweza kuandika "hatukuona dalili yoyote kwamba damu ilimdhuru". Zipime sentensi hizo mbili. Ya kwanza inaahidi kisichojulikana, ya pili inasimama hata mbele ya mtu anayetaka kuivunja.

Onyo kubwa: ukigundua faili lina upungufu, usiongeze neno kwa kalamu ileile kana kwamba liliandikwa usiku ule. Likibidi kuongezwa, liandike kama nyongeza, kwa tarehe na saa ya leo na sahihi yako.

Hatua ya 4: Toa yasiyowahusu wasomaji wote

Faili la mtoto lina siri za watu wengine. Kwenye kadi yake kunaweza kuwa na herufi zinazoonyesha hali ya VVU ya mama, na baba huenda hajui. Barua itasomwa na baba, na babu, na mchungaji, na jirani anayejua kusoma. Basi lolote kuhusu kipimo cha mama lisiingie, hata kwa mafumbo. Hilo ni suala la sheria pia, maana Uganda ina Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya 2019, lakini mimi nalichukulia kwanza kama suala la mama ambaye amezika mtoto juzi na bado anaishi katika nyumba ileile.

Toa pia hukumu. Mafaili yetu yamejaa "wazazi walichelewa" na "alipewa dawa za kienyeji". Maneno hayo yalimsaidia daktari kupanga tiba. Kwenye barua ya pole yanakuwa hati ya mashtaka ambayo mama ataihifadhi sandukuni. "Homa ilikuwa siku ya tatu" inatosha, ni ukweli na haimnyooshei mtu kidole. Wakiuliza wenyewe kama wangemleta mapema ingekuwaje, hilo ni jibu la ana kwa ana: kwamba malaria inaweza kummaliza mtoto damu kwa siku chache tu, na homa ya siku ya kwanza haikuonyeshi mtoto yupi itamfikisha huko.

Hatua ya 5: Andika

Mpangilio unaofaa ni huu: pole, tulichokiona, tulichofanya, jibu la swali lao, tusichokijua, na mlango wa kuja kuzungumza. Ukurasa mmoja, usizidi mmoja na nusu. Mtaje mtoto kwa jina lake kila mara. "Mgonjwa" na "marehemu" viache kwenye faili. Hii ndiyo ya Amani:

> Baba na Mama Amani,
>
> Poleni sana kwa msiba wa mtoto wenu Amani, aliyefariki katika wodi yetu usiku wa kuamkia Jumatano. Mama, ulikaa naye kitandani kuanzia jioni mpaka mwisho, na wauguzi waliokuwa zamu wameomba niwafikishie pole zao pia.
>
> Mliuliza kwa nini Amani alikufa, na kama damu aliyoongezewa ndiyo iliyomuua. Nimesoma faili lake lote na madaftari ya maabara, nikazungumza na waliomhudumia. Haya ndiyo niliyoyakuta.
>
> Amani alifika saa kumi na dakika arobaini jioni akiwa na malaria kali. Vijidudu vya malaria huingia ndani ya damu na kuivunja. Kipimo cha wingi wa damu yake kilikuwa 3.4, na kwa mtoto wa umri wake tunatarajia 11 au zaidi. Sukari mwilini nayo ilikuwa imeshuka sana. Ndani ya nusu saa alipewa sukari kwenye mshipa na sindano ya dawa ya malaria, kwa kipimo kinacholingana na uzito wake. Alipofumbua macho na kuomba maji saa moja, ni kwa sababu sukari ilikuwa imepanda. Damu yake ilikuwa bado ni kidogo vilevile.
>
> Damu ndiyo inayobeba hewa mwilini. Ikiwa kidogo kiasi hicho, mtoto huanza kupumua haraka na kwa nguvu, na moyo huchoka. Amani alianza kupumua hivyo saa tatu na nusu usiku, kabla hajaongezewa damu. Akawekewa oksijeni.
>
> Damu aliyoongezewa ilikuwa ya kundi O, sawa na yake, na ililinganishwa na damu yake kabla ya kutundikwa saa nne na dakika hamsini. Alipotazamwa dakika kumi na tano baadaye, joto halikuwa limepanda, hakuwa na upele wala kutetemeka. Hatukuona dalili yoyote kwamba damu hiyo ilimdhuru. Tunaamini alifariki kwa malaria na upungufu mkubwa wa damu, ambao mwili wake ulishindwa kuuhimili kabla damu mpya haijamsaidia.
>
> Kuna jambo jingine mnalostahili kulijua. Tulijua saa kumi na moja na robo kwamba Amani anahitaji damu. Friji yetu haikuwa na damu ya kundi lake. Gari lilikuwa safarini na mgonjwa mwingine, likaondoka kuifuata saa kumi na mbili na dakika hamsini, likarudi saa nne na dakika ishirini. Kwa hiyo Amani alisubiri zaidi ya saa tano. Kwa mtoto aliyekuwa katika hali yake, huo ni muda mrefu mno. Tunawaomba radhi. Siwezi kuwaambia kwa hakika kwamba angepona kama damu ingefika mapema, kwa sababu alikuwa mgonjwa sana tangu alipofika, lakini angekuwa na nafasi kubwa zaidi.
>
> Wakati pumzi zake ziliposimama, walimsaidia kupumua kwa nusu saa bila kumwacha.
>
> Ningependa tuonane, kituoni au nyumbani kwenu, mkiwa tayari. Mje na yeyote mnayemwamini. Namba yangu iko hapa chini.

Halafu jina lako kamili, cheo, sahihi, tarehe na simu.

Tazama aya ya gari. Ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo wanaoanza huifuta. Wengine huiweka katika maneno yasiyo na mwenyewe: "kulikuwa na changamoto za upatikanaji wa damu". Wazazi walikaa pale saa tano wakitazama mlango. Wanajua damu ilichelewa. Ukiificha, watajiuliza na mengine uliyoyaficha, na jibu lako kuhusu usalama wa damu litaanguka pamoja nayo. Saa zitaje. Radhi iombwe mara moja, kwa neno "radhi", isirudiwe kila aya.

Makosa mengine mawili ninayoyaona sana. La kwanza ni "ilikuwa kazi ya Mungu". Mchungaji na imamu watayasema, na familia itayapokea kwao. Yakitoka kwa kituo ambacho hakikuwa na damu, yanasomeka kama kumsingizia Mungu. Kama unaijua dini yao, dua fupi mwishoni haina ubaya, baada ya maelezo yote. La pili ni "hakuteseka". Mama alimsikia akihema. Sema kilichofanyika kumsaidia, basi.

Hatua ya 6: Isomwe na watu wawili

Kwanza sista aliyekuwa zamu usiku ule, aisome akiwa na orodha yako ya saa mkononi. Yeye ndiye atakayesema, "Hapana, oksijeni niliiweka mimi kabla daktari hajaja." Pili, inchaji, kwa sababu barua inaomba radhi kwa niaba ya kituo. Kisha isome kwa sauti kubwa. Sentensi inayokukata pumzi, ikate vipande viwili. Nakala moja iwekwe kwenye faili.

Hatua ya 7: Peleka

Usiitume kwa WhatsApp. Itakuwa imezunguka kambi nzima kabla mama hajaiona. Subiri matanga yaishe. Ifunge kwenye bahasha uipeleke mwenyewe, au wao waje. Ukimtuma mhudumu wa afya wa kijiji, bahasha iwe imefungwa na yeye asiwe msomaji wao. Kama wazazi hawajui kusoma, wasomee wewe, polepole, ukisimama baada ya aya ya damu, kwa sababu hapo ndipo watakapouliza.

Mambo yakikwama

*Karatasi imepotea.* Tuseme fomu ya damu haipo. Usijaze kwa mazoea kwamba "huwa tunalinganisha". Angalia daftari la damu na la maabara; yakionyesha, sema umeyatoa huko. Yasipoonyesha, andika: "Fomu ya kuongezewa damu hatujaipata, tunaendelea kuitafuta," na umwambie inchaji kabla barua haijatoka.

*Saa mbili zinapingana.* Faili linasema damu ilitundikwa 22:50, daftari linasema 23:10. Muulize sista, na kama haijulikani andika "kati ya saa nne na dakika hamsini na saa tano na dakika kumi usiku". Usichague ile inayokupendeza.

*Inchaji anataka aya ya kuchelewa itoke.* Mwonyeshe kwamba saa hizo ziko kwenye faili na daftari, na familia ikiomba kuyaona itakuta zote. Akisema kisa bado kiko kwenye mapitio ya vifo au polisi, hiyo ni sababu ya kweli ya kusubiri: tuma barua fupi ya pole yenye ahadi ya maelezo na tarehe ya kuyatoa. Akitaka iondolewe ili isionekane tu, usiweke sahihi yako chini ya barua hiyo. Aiandike na kuisaini mwenyewe.

*Sababu ya kifo haijulikani.* Hutokea, hasa kwa aliyefika na kufariki ndani ya saa moja. Taja ulichopima, ulichodhani, na kilichobaki bila jibu. Jaribu la kubandika jina la ugonjwa ili barua ikamilike ni kubwa. Jina hilo litawafuata watoto wengine wa nyumba hiyo kila wakiumwa.

*Wamerudi na hasira.* Usilete barua nyingine. Toa viti, mwite sista aliyekuwepo, weka ile orodha ya saa mezani, na waache waanze wao. Wakitaka kulalamika rasmi, waelekeze kwa inchaji na ofisi ya afya ya wilaya, kwa majina na siku za kazi, si kwa kuwaonyesha mlango.